Je, Wajua? Makala Moja ya Mahindi, Video Fupi Tano

Je, wajua kwamba kubana makala ndefu na kuikata iwe video ni kazi mbili tofauti? Ukiibana, mambo yote yanabaki, ila kila moja limekonda. Ukiikata, jambo moja linabaki zima na mengine yanasubiri zamu yao.

Nilikuwa na makala yangu ya maneno 1,900 kuhusu kuhifadhi mahindi: kuanika, kupima ukavu, kufunga kwenye mifuko, wadudu, na sumukuvu. Nikaibana ikawa video ya dakika 3, nikamtumia shangazi yangu anayelima Kibaigwa, wilayani Kongwa. Jioni nikampigia.

"Shikamoo, shangazi. Video umeiona?"

"Marahaba, mwanangu. Nimeiona, ina mambo mengi mazuri. Sasa mimi nianze na lipi?"

Sikuwa na jibu, kwa sababu video yenyewe haikuwa nalo. Msomaji wa makala anaweza kurudi nyuma, kuruka aya, kukunja ukurasa akaendelea kesho. Mtazamaji wa simu hubeba kile tu kilichomkaa kichwani video ilipokwisha, na mambo matano yakigombania nafasi ya moja, hubeba hisia kwamba ameona kitu kizuri.

Je, wajua kwamba neno dogo "na" linaweza kukuambia kama video yako ina wazo moja au mawili? Kabla ya kuandika skripti, andika sentensi moja inayosema mtazamaji atajua nini au atafanya nini. Iwe sentensi kamili, yenye kitenzi. "Ukaushaji wa mahindi" ni kichwa cha habari, hakuna mtu anayeweza kuufanya. "Usianike mahindi juu ya udongo mtupu, tandaza turubai" ni wazo, maana mtu anaweza kulitii au kulikataa. Kisha tafuta "na" inayounganisha vitenzi viwili. "Pima ukavu kwa chumvi na funga mahindi kwenye mfuko wa tabaka tatu" ni video mbili zilizovaa kanzu moja.

Makala yangu nilipoipitisha kwenye chujio hilo, ilitoa sentensi tano. Ya kwanza ni hiyo ya turubai. Ya pili: chumvi ikiganda kwenye chupa, mahindi hayajakauka. Ya tatu: kila tabaka la mfuko wa PICS lifungwe peke yake. Ya nne: kupika hakuondoi sumukuvu. Ya tano nitaieleza mbele kidogo, kwa sababu ilikuwa imejificha ndani ya ya pili.

Je, wajua kwamba sehemu tamu kuliko zote katika makala huenda isitoe video hata moja? Makala yangu ilifunguliwa na mwaka 2004, pale mahindi yenye sumukuvu yalipowadhuru watu mashariki mwa Kenya, maeneo ya Makueni na Kitui miongoni mwa mengine: watu 317 waliugua na 125 walifariki. Ni aya nzito, na kwenye makala ilikuwa mahali pake. Nilijaribu kuiweka mwanzoni mwa video ya chumvi. Ikameza zile sekunde ambazo mtazamaji alipaswa kuiona chupa, na aliyeshtuliwa na vifo hakuwa tena na nafasi ya kushika hesabu ya vijiko. Nikaiondoa. Sentensi yake moja ilihamia kwenye video ya nne, ya kupika, ambako inamjibu mtu anayesema, "Mimi nayachemsha vizuri." Sumukuvu hustahimili moto wa jikoni, na hapo kumbukumbu ya 2004 ina kazi ya kufanya.

Dumuzi naye alikuwa na aya yake: mdudu aliyetoka Mexico na Amerika ya Kati, akaanza kuonekana Tabora, na wakulima wengi wakamwita Scania, jina la lori. Naipenda aya hiyo. Lakini nilipojiuliza mtazamaji afanye nini baada ya kuisikia, sikupata kitenzi. Imebaki kwenye makala.

Je, wajua kwamba "jinsi ya" na "kwa nini" ni mawazo mawili, hata yanapozungumzia chupa ileile? Hapa ndipo video ya tano ilipokuwa imejificha. Kipimo cha chumvi chenyewe ni rahisi. Unaianika chumvi juani kwa saa tatu au nne mpaka ikauke kabisa. Unachukua chupa ya kioo yenye mfuniko, safi na kavu, unatia mahindi hadi theluthi moja, unaongeza vijiko vikubwa viwili au vitatu vya ile chumvi, unafunga na kutikisa kwa dakika moja, kisha unaiacha itulie dakika 15. Chumvi ikishika ukuta wa chupa, mahindi yana unyevu unaozidi asilimia 15, yarudi juani. Hiyo ni "jinsi ya".

Sababu yake ni kisa kingine. Chumvi ya kawaida haivuti maji kwenye hewa yoyote tu. Huanza kulowa pale unyevunyevu wa hewa unapofika kama asilimia 75. Mahindi yakifungiwa ndani ya chupa hutoa unyevu kwenye hewa iliyo humo, na yakiwa na unyevu wa asilimia 15 hivi, hewa ile hukaribia kiwango hichohicho. Ndiyo maana chumvi ya jikoni, isiyo na waya wala betri, inatambua mahindi mabichi.

Mimi hufurahi kila ninapolieleza hili. Na furaha hiyo ndiyo iliyoharibu skripti yangu ya kwanza: niliuweka ufafanuzi katikati, kati ya "tikisa" na "subiri", na aliyekuwa ameshika chupa akapotea njia. Sasa "jinsi ya" ina video yake na "kwa nini" ina yake. Hiyo ya "kwa nini" inaanza na swali ambalo mtu aliyekwisha kupima hujiuliza mwenyewe: chumvi imejuaje?

Je, wajua kwamba upatanisho wa ngeli, unaotuunganishia aya vizuri kwenye maandishi, huvunjika unapokata kipande cha makala? Kwenye aya, ukishataja mahindi mara moja, unaweza kuendelea sentensi sita kwa "ya" peke yake: yakikauka, yamwage, yapepete, yafunge. Msomaji yuko nawe. Nyanyua sentensi ya tatu uifanye mwanzo wa video, "Yakikauka, yafunge mapema," na mtazamaji haelewi ni mahindi, maharage, magunia au majani. Yote hayo yanapatana vilevile. Kwa hiyo kazi ya kwanza baada ya kukata ni kurudisha nomino. Katika mistari miwili ya mwanzo, taja kitu kwa jina lake kamili, hata kama sikio lako la mwandishi linakereka kwa kurudia.

Maneno ya kuegemea nayo yaondoke mwanzoni: "hivyo", "pia", "kwa hiyo", "kama tulivyoona". Video ya tatu itafika kwa mtu ambaye hajawahi kuiona ya kwanza, na huenda asiione kamwe.

Je, wajua kwamba kuhesabu maneno hakukupi urefu wa video ya Kiswahili? Utasikia watu wakitaja maneno 150 kwa dakika. Hicho ni kipimo cha lugha yenye vineno vifupi. Kwetu neno moja, "uliyoianika", lina silabi saba, na neno jingine, "ya", lina moja. Hesabu silabi. Habari njema ni kwamba silabi zetu huishia kwa vokali, kwa hiyo ukizihesabu vokali umezihesabu silabi karibu zote. Ongeza ile "m" inayosimama peke yake kama kwenye "mfuko" au "mkulima". Kwa maelekezo ambayo mtu anayafuata kwa mikono, mimi husoma silabi 4 kwa sekunde. Kwa simulizi isiyodai kufanya kitu unaweza kwenda haraka zaidi.

Hii ndiyo skripti ya video ya pili kama ilivyo sasa. Naandika picha kwanza, kisha sauti, kwa sababu nikianza na sauti hujikuta natafuta picha za kujaza.

Picha: chupa karibu sana na kamera, chembe za chumvi zimeshika kioo.
Sauti: Chumvi hii imeganda kwenye chupa. Mahindi haya hayajakauka, usiyaweke ghalani.

Picha: mkono unapangusa chupa, unamimina mahindi, unatia chumvi.
Sauti: Chukua chupa ya kioo, kavu kabisa. Tia mahindi hadi theluthi moja. Ongeza vijiko vitatu vya chumvi uliyoianika juani tangu asubuhi.

Picha: mfuniko unafungwa, chupa inatikiswa, kisha imetulia kivulini.
Sauti: Funga. Tikisa dakika moja. Iache dakika kumi na tano.

Picha: chupa mbili bega kwa bega, moja imeganda chumvi, nyingine kioo kiko wazi.
Sauti: Sasa itazame. Chumvi ikiganda pembeni mwa chupa, rudisha mahindi juani. Chumvi ikidondoka yote chini, mahindi yamepita kipimo hiki. Yaanike siku moja zaidi kabla ya kuyafunga mfukoni.

Sauti yote ina maneno 65 tu, lakini silabi ni 178. Kwa silabi 4 kwa sekunde ni sekunde 45 hivi. Ningefuata kipimo cha maneno 150 kwa dakika, ningejidanganya kwamba nina sekunde 26, nikaongeza mambo mengine mawili, kisha siku ya kurekodi nikaanza kukimbia kama mtangazaji wa mpira dakika ya mwisho.

Ona pia kwamba matokeo yametangulia. Kwenye makala, chumvi iliyoganda ilikuwa mwisho wa aya ndefu ya maelekezo. Kwenye video imekuja mbele, maana picha ile peke yake inamwambia mwenye mahindi kwamba jambo hili linamhusu. Hatua zinafuata akiwa tayari anajua anazielekea wapi.

Je, wajua kwamba kusema "asilimia kumi na tatu nukta tano" ni silabi 14, yaani zaidi ya sekunde 3 za video? Hicho ndicho kiwango cha juu cha unyevu kinachotakiwa kwa mahindi ya kuhifadhi, na kwenye makala kilistahili kutajwa. Lakini mkulima asiye na kipimo cha umeme hawezi kukiona. Alama anayoweza kuiona ni chumvi kwenye kioo. Nikabadilisha takwimu kwa alama, na namba nilizobakiza ni zile tu ambazo mkono wake unazihitaji: theluthi, vijiko vitatu, dakika moja, dakika kumi na tano.

Je, wajua kwamba tahadhari ndiyo ya kwanza kupotea katika kukata, na ndiyo inayoleta madhara ikipotea? Tazama tena mstari wa mwisho wa skripti. Toleo langu la awali lilisema, "Chumvi ikidondoka chini, mahindi yamekauka, yahifadhi." Linasikika vizuri, na ni fupi. Tatizo ni kwamba chumvi inazungumzia mpaka wa asilimia 15, na kiwango kinachotakiwa ni 13.5. Mahindi yenye asilimia 14.5 yatapita kwenye chupa. Ukiyafunga papo hapo kwenye mfuko usiopitisha hewa, ule unyevu wa ziada hauna pa kutokea. Ndiyo sababu skripti inasema "yamepita kipimo hiki", si "yamekauka", na inaongeza siku moja ya jua. Imenigharimu sekunde kama 5 na siijutii hata moja.

Nina namna ya kuamua tahadhari ipi ibaki. Najiuliza: mtu asipoijua, atapata jibu tofauti? Chumvi isiyokaushwa itaganda hata mahindi yakiwa makavu. Chupa yenye majimaji itadanganya vivyo hivyo. Hizo zinabaki, hata kama zinaurefusha mstari. Lakini kama tahadhari inaeleza tu, mfano ule wa asilimia 75 ya hewa, inakwenda kwenye video yake.

Je, wajua kwamba "kila tabaka lifungwe peke yake" ilikuwa video rahisi kuliko zote? Mfuko wa PICS una mifuko miwili ya plastiki ndani na mmoja wa kufumwa nje. Wadudu waliofungiwa humo hutumia hewa iliyobaki mpaka wanakosa pumzi. Mtu akikusanya midomo mitatu akaifunga kwa kamba moja, panabaki upenyo wa hewa. Wazo zima linaonekana: sokota, kunja, funga, sokota, kunja, funga, halafu wa nje. Sauti ina sentensi tatu. Aya iliyokuwa na maneno 300 kwenye makala haikuwa na zaidi ya hapo, ila mikono haikuwepo.

Je, wajua kwamba watu wengi huitazama video kwa mara ya kwanza wakiwa wamezima sauti, ndani ya daladala au karibu na mtoto aliyelala? Andika wazo lenyewe kwenye skrini, maneno matano au sita: "Chumvi imeganda? Mahindi mabichi." Yaweke sehemu ya juu au katikati. Chini kuna maelezo ya aliyeituma, na upande wa kulia kuna vitufe, vyote vinakalia picha yako.

Je, wajua kwamba YouTube Shorts ilikuwa na ukomo wa sekunde 60, na tangu Oktoba 2024 inaruhusu hadi dakika 3? Nafasi imeongezeka, wazo halijaongezeka. Video ya mfuko ilikwisha kwa sekunde 38, nikaiacha hapo.

Je, wajua kwamba kurekodi hakufuati mpangilio wa skripti? Video tano za makala moja huchukua vifaa vilevile na jua lilelile, kwa hiyo zirekodi siku moja. Nilianza na picha zote za turubai asubuhi, mwanga ukiwa laini. Chupa niliandaa mbili mapema: moja ya mahindi yaliyotoka shambani juzi, nyingine ya mahindi yaliyokwisha kuanikwa siku kadhaa. Zile dakika 15 za kusubiri nilizitumia kurekodi mikono ikifunga mfuko. Jioni nilikuwa na vipande 31 vifupi, kila kimoja kimepewa namba ya video yake na ya mstari wake. Bila namba hizo ungemaliza siku nyingine nzima ukitafuta ni mkono upi ulikuwa wa video ipi.

Je, wajua kwamba jambo lililosemwa bila kuonyeshwa ni kama halikusemwa? Nilimtumia shangazi video ya chumvi peke yake, bila ujumbe mwingine. Kesho yake alinipigia kabla sijampigia.

"Mwanangu, chumvi imeganda. Lakini haya mahindi yameanikwa wiki nzima, nikiyauma yanalia kama changarawe."

"Shangazi, hiyo chumvi uliianika kwanza?"

"Kuianika? Nimeichota jikoni."

Nikaifungua video. Sauti inasema "uliyoianika juani tangu asubuhi", silabi zote zipo. Lakini picha ya wakati huo ni kijiko kinachozama kwenye bakuli la chumvi, na bakuli hilo lingeweza kuwa la jikoni kwa mtu yeyote. Alifuata alichokiona.

Jumamosi nilirudi na kamera. Nikamwaga chumvi juu ya kipande cha nailoni uani, kivuli cha mnazi kikiwa mbali, nikarekodi mkono wangu ukiigeuza. Kipande hicho kina sekunde 4. Nikakiingiza kabla ya kijiko, sauti sikuigusa.